Klipu lazima ianze kwenye fremu moja maalumu: nikate kwa kunakili au nisimbe upya?

KochaWaUwanja

Wakuu, habari za leo. Nina video ya mazoezi ya mbio fupi, dakika 12, MP4 ya H.264, fremu 50 kwa sekunde. Kuna taa ya kuanzishia mbio inayoonekana pembeni. Nataka kutoa kipande cha sekunde 12 ambacho fremu yake ya kwanza kabisa ni ile ambayo taa imewaka. Isiwe moja kabla, isiwe moja baada, kwa sababu wanariadha wangu wanahesabu fremu tangu mwanzo wa klipu mpaka mguu wa nyuma unapoachia kibao. Mwanzo ukihama, hesabu yote imeharibika.

Taa inawaka kwenye sekunde 83.24, nimeitafuta fremu kwa fremu. Sikutaka kupoteza ubora, ndiyo maana nikatumia hii:

```
ffmpeg -ss 83.24 -i mbio.mp4 -t 12 -c copy kipande.mp4
```

Kwenye kompyuta yangu klipu inaanza palepale taa inapowaka. Nikamtumia mwanariadha mmoja, kama waraka, isibanwe njiani. Yeye akiifungua kwenye programu ya uchambuzi ya simu yake anaona kwanza sekunde tatu na ushee za watu wameinama kwenye vibao, taa haijawaka. Faili ni lilelile, nimelinganisha hata ukubwa.

Nikahamisha `-ss` ikae baada ya `-i`. Sasa sauti inaanza mahali pake lakini picha ni nyeusi kwa karibu sekunde mbili, na ikitokea watu wameshatoka kwenye vibao.

Je, ipo namna ya kukata bila kusimba upya na klipu ikaanza kwenye fremu hiyo hiyo kwa kila mtu? Au ndiyo basi, nisimbe upya?

Jembe77

Mkuu, amri yako ya kwanza iko sahihi kabisa. `-ss` kabla ya `-i` pamoja na `-c copy` inakata pale unapotaka, ushahidi unao kwenye kompyuta yako. Tatizo ni programu ya simu ya huyo kijana. Mwambie atafute pleya nyingine. Kusimba upya usikuguse, kila ukisimba unapoteza ubora na haurudi.

BahariaWaMtandao

Picha nyeusi huku sauti ipo ni kodeki hiyo. Sakinisha kodeki za H.264 kwenye kompyuta uanze upya, itakaa sawa.

KochaWaUwanja

Baharia, asante, lakini video nzima inacheza vizuri kwenye kompyuta hiyo hiyo. Weusi unatokea kwenye kipande tu.

Binti_Mhariri

Kocha, hayo mambo mawili uliyoyaona yana chanzo kimoja. Kabla ya lolote, endesha hii utuletee matokeo yake:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -read_intervals 78%91 -show_entries packet=pts_time,flags -of csv=p=0 mbio.mp4
```

Utapata orodha ndefu ya nyakati. Usiilete yote. Angalia mistari ambayo baada ya wakati ina herufi K, hiyo ndiyo tunayoitaka.

KochaWaUwanja

Nimeona K kwenye 75.000000, 80.000000, 85.000000 na 90.000000. Kwingine kote hakuna.

Binti_Mhariri

Vizuri, sasa picha imekamilika. Ni fremu 250 kati ya K moja na nyingine, na hicho ndicho kikomo cha kawaida cha kisimbaji cha x264 kama mtu hakukigusa. Huenda video hii ilishapitia programu fulani ya kuhariri kabla haijakufikia. Kamera nyingi huweka fremu kamili kwa ukaribu zaidi.

Fremu zenye K ndizo fremu kamili, na ndizo pekee zinazoweza kufunguka zenyewe. Zilizo katikati zimehifadhi tofauti tu, yaani kilichobadilika kulinganisha na fremu nyingine. Fremu yako ya 83.24 ni mojawapo ya hizo. Kuanza klipu hapo bila kusimba upya ni kama kumpa mtu barua inayoanza na "kama nilivyokwisha kueleza hapo juu" huku ukurasa wa juu umeuchana.

Kwa hiyo ukiagiza `-c copy`, ffmpeg haiwezi kukupa mwanzo wa 83.24 kwa maana halisi. Ulipoweka `-ss` mbele ilirudi hadi 80.00 ikanakili kila kitu kuanzia hapo. Hizo ni sekunde 3.24, fremu 162 ambazo hukuziomba, na ni lazima ziwemo kwa sababu bila hizo ya 83.24 haifunguki. Halafu ndani ya MP4 ikaandika maelekezo, kisanduku kinachoitwa `elst`, yanayomwambia pleya: fungua kuanzia mwanzo, lakini anza kuonyesha baada ya sekunde 3.24. Pleya ya kompyuta yako inayatii. Programu ya kijana haiyasomi, inaonyesha kila fremu iliyoikuta. Ndiyo zile sekunde tatu na ushee za watu wameinama.

Ulipoweka `-ss` nyuma, ffmpeg ilitupa kila pakiti iliyo kabla ya 83.24, kisha ikasubiri fremu kamili ndipo ianze kuandika picha. Fremu hiyo iko 85.00. Sauti haina tabia hiyo, kwa hiyo ilianza mapema. Kutoka 83.24 hadi 85.00 ni sekunde 1.76, na hizo ndizo sekunde zako "karibu mbili" za weusi.

Jembe, ni kweli amri ya kwanza *inaonekana* sahihi. Lakini uamuzi wa wapi klipu inaanza imeuacha mikononi mwa pleya. Kocha anagawa klipu kwa watu ambao hawezi kuchagua programu zao, na wote wanahesabu kutoka fremu ya kwanza.

Jembe77

Hilo la `elst` nimelielewa. Bado nasimama kwenye ubora. Video hiyo tayari imebanwa mara moja au mbili, ukiisimba tena unaongeza uchafu juu ya uchafu. Kama ni lazima, basi aisimbe kwa `-crf 0`, hapo hakuna kinachopotea hata nukta moja.

Binti_Mhariri

Ni kweli kwamba `-crf 0` kwenye x264 ya biti 8 haipotezi kitu. Ila angalia kinachotoka upande wa pili. Ukiipima kwa ffprobe utaona wasifu umeandikwa `High 4:4:4 Predictive`. Simu nyingi zina chipu ya kufungua video ambayo haiujui wasifu huo. Kijana atapata kioo cheusi au ujumbe kwamba faili haliungwi mkono, na faili lenyewe litakuwa kubwa mara kadhaa. Tutakuwa tumeondoa tatizo la sekunde tatu tukaleta la klipu isiyofunguka kabisa.

Kwa kazi ya kocha mimi ningesimba upya kwa `-crf 16`, moja kwa moja kutoka kwenye faili kubwa. Tofauti ipo, ukilinganisha nukta kwa nukta utaipata. Lakini kinachopimwa hapa ni mguu umeachia kibao au haujaachia, na kwa ubora huo ukingo wa kiatu hautafifia kiasi cha kubadilisha jibu. Kilicho muhimu zaidi kwake ni wakati wa kila fremu, na kusimba upya hakugusi wakati huo ukiagiza vizuri:

```
ffmpeg -ss 83.235 -i mbio.mp4 -t 12 -c:v libx264 -crf 16 -preset slow -c:a aac -b:a 192k kipande.mp4
```

Safari hii ffmpeg bado inarudi hadi 80.00, lakini inazifungua fremu zile 162, inazitupa, na inasimba kuanzia unayoitaka. Fremu ya kwanza ya klipu inakuwa fremu kamili, na hakuna kilichofichwa nyuma yake.

Utauliza kwa nini 83.235 na si 83.24. Kwenye fremu 50 kwa sekunde, kila fremu iko milisekunde 20 baada ya mwenzake. Iliyotangulia yako iko 83.22. ffmpeg inabakisha fremu ya kwanza ambayo wakati wake haujapungua kuliko ulioandika. Ukiandika wakati wenyewe kamili, na ndani ya faili ukawa umeandikwa kwa desimali ndefu kidogo, unaweza kuipita fremu yako kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ukapata inayofuata. Ukirudi nyuma milisekunde 5 uko salama: umeshaipita 83.22, na hujaifikia 83.24. Kwenye 50 kamili hatari ni ndogo, lakini kwenye video za 29.97, ambazo kwa kweli ni 30000 kugawa kwa 1001, nyakati karibu zote zina mkia wa desimali, na hapo kosa la fremu moja hutokea mara nyingi.

Sauti nimeisimba upya makusudi. Ni sekunde 12 tu, hakuna faida ya kuinakili, na inakuwa imekatwa sambamba na picha.

MwalimuWaTarakilishi

Samahani kwa kuingilia, lakini hiyo habari ya fremu zilizofichwa imenishtua. Mimi hurekodi kioo cha kompyuta kwa ajili ya masomo. Kwenye rekodi moja, mwanzoni naingia kwenye mfumo na nywila inaonekana kwa muda mfupi kwa sababu nilibofya kitufe cha kuionyesha. Niliikata kwa `-c copy`, nikaangalia, klipu inaanza baada ya hapo, nikaigawa kwa wanafunzi. Ina maana nywila bado imo?

Binti_Mhariri

Mwalimu, inawezekana kabisa imo. Pima hivi:

```
ffmpeg -ignore_editlist 1 -i somo.mp4 -frames:v 1 kilichofichwa.png
```

`-ignore_editlist 1` inakaa kabla ya `-i`. Inaifanya ffmpeg ipuuze yale maelekezo ya `elst`, na picha itakayotoka ndiyo fremu ya kwanza halisi iliyomo kwenye faili. Ukitaka kuona zote, toa `-frames:v 1` uandike jina la video badala ya picha.

Rekodi za kioo ziko kwenye hatari zaidi kuliko video za kamera. Kioo kinaweza kukaa muda mrefu bila kubadilika, na kisimbaji hakioni sababu ya kuweka fremu kamili mpaka kikomo chake kifike. Kipande kilichofichwa kinaweza kuwa kirefu.

MwalimuWaTarakilishi

Imo. Inasomeka yote. Nabadilisha nywila sasa hivi kabla ya kitu kingine.

Halafu naomba kujua: nikitaka kubaki na njia ya kunakili, kwa sababu somo ni la saa moja na nusu na kompyuta yangu ni ya zamani, nifanyeje?

Binti_Mhariri

Pole, na umefanya jambo sahihi kuanza na nywila.

Kwako wewe hali ni tofauti na ya kocha. Yeye anahitaji fremu moja maalumu. Wewe unahitaji tu kwamba kitu fulani kisiwemo. Tafuta kwa ffprobe fremu ya K ya kwanza *baada* ya nywila kutoweka, ukate hapo. Ikiwa nywila inaondoka sekunde ya 41 na K inayofuata iko 47, unapoteza sekunde sita za somo, lakini hakuna kinachofichwa kwa sababu klipu inaanza kwenye fremu inayojitegemea. Rudia ile amri ya `-ignore_editlist` kwenye faili jipya kabla hujaligawa. Ukiona fremu ya kwanza ni ile ile uliyoichagua, umemaliza.

Kama katika sekunde hizo sita unasema neno ambalo wanafunzi hawawezi kulikosa, simba upya lote. Kompyuta ya zamani itachukua muda, iache ifanye kazi usiku.

Jembe77

Mbona hamsemi njia ya kati? Unasimba upya kile kidogo cha mwanzo tu, kuanzia fremu unayoitaka mpaka fremu kamili inayofuata, halafu sehemu iliyobaki unainakili na kuunganisha. Kwa kocha ni kuanzia 83.24 hadi 85.00, fremu 88 tu zinaguswa. Zilizobaki zote ni asilia. LosslessCut inayo, inaitwa smart cut. Mimi naitumia na inafanya kazi.

Binti_Mhariri

Hapo Jembe umesema jambo la maana, na kwa nadharia ndilo jibu zuri kuliko yote. Hofu yangu iko kwenye kiungo.

Kila mkondo wa H.264 una maelezo yake ya mipangilio ambayo kisimbuzi lazima kiyasome kabla ya kufungua fremu yoyote. Kwenye MP4, kwa kawaida maelezo hayo huandikwa mara moja, mwanzoni. Fremu zako 88 zimesimbwa na kisimbaji chako, zilizobaki zilisimbwa na kisimbaji kingine, pengine cha ndani ya kamera. Mipangilio isipofanana, kisimbuzi kinaweza kuzisoma fremu za sehemu ya pili kwa kutumia maelezo ya sehemu ya kwanza, na hapo ndipo vinapotokea vile vipande vya kijivu na rangi zilizovurugika kuanzia kwenye kiungo. Pleya moja inaweza kuvumilia, nyingine ikagoma. Na LosslessCut yenyewe inaiweka smart cut kama kipengele cha majaribio.

Jembe77

Sijawahi kuona hayo ya kijivu, na nimekata video nyingi.

Kipaza

Mimi nimeyaona. Video ya kamera ya mkononi, nikatumia njia hiyo hiyo. Kwenye VLC ilikuwa safi kabisa, kwenye televisheni picha ilivurugika kuanzia kwenye kiungo mpaka fremu kamili iliyofuata, kisha ikakaa sawa. Video nyingine kutoka kamera nyingine ikapita bila shida, kwa mipangilio ileile. Sikupata jibu tofauti ilikuwa wapi.

Binti_Mhariri

Kipaza, ikikaa sawa kwenye fremu kamili iliyofuata, basi huenda maelezo ya mipangilio ya kamera yamo pia ndani ya mkondo, yakirudiwa penye kila fremu kamili, na ile ya kwenye kiungo ikakosa ya kwake. Ni dhana tu, bila kuliona faili siwezi kusema zaidi.

Jembe, sipingi kwamba kwako inafanya kazi. Nikiwa na video ya saa mbili ninayotaka kuitunza kwa ubora wake wa asili, nami ningeijaribu, kisha ningeitazama kwenye kiungo kwa pleya tatu tofauti. Lakini klipu ya kocha ni sekunde 12. Nzima ina fremu 600. Kunusuru fremu 512 zisisimbwe upya, huku ukibeba hatari ya picha kuvurugika sekunde 1.76 baada ya taa, yaani wakati mwanariadha ndiyo kwanza anaongeza kasi, sioni faida yake.

KochaWaUwanja

Nimeendesha amri ya dada Binti. Kwenye simu ya kijana klipu inaanza taa ikiwa imewaka. Nimeomba wengine wawili wenye simu tofauti nao wamethibitisha. Nimehesabu pia fremu zote, ni 600.

Ninalo jingine. Programu yao ya uchambuzi ina vitufe vya kwenda fremu moja mbele na moja nyuma. Mbele inakwenda vizuri, nyuma inakwama, kila hatua inachukua muda. Hilo nalo linatokana na fremu kamili?

Binti_Mhariri

Ndiyo. Ukirudi nyuma fremu moja, simu inalazimika kwenda hadi fremu kamili iliyotangulia na kufungua zote mpaka ifike unapotaka. Ongeza `-g 1` baada ya `-crf 16`. Hapo kila fremu inakuwa kamili, na kurudi nyuma kunakuwa kwepesi kama kwenda mbele. Faili litanenepa sana, lakini kwa sekunde 12 bado ni la kutumika.

Na kwa kuwa umefika huko, klipu ya aina hiyo unaweza baadaye kuikata kwa `-c copy` kwenye fremu yoyote ile, na kukawa hakuna kinachofichwa. Ndivyo zilivyo kodeki kama ProRes na DNxHD, kila fremu inajitegemea, na mhariri mwenye faili za namna hiyo hajiulizi kabisa swali la uzi huu.

Jembe77

Basi kwa nini asiisimbe video yote ya dakika 12 kwa `-g 1` mara moja, kisha akate vipande vyote kwa kunakili? Nadhani ana mianzo mingi humo.

KochaWaUwanja

Ndiyo, iko mingi.

Binti_Mhariri

Inawezekana, na ubora wa vipande utakuwa sawa na kukata kimoja kimoja, kwani kila kimoja kitakuwa kimesimbwa mara moja tu. Ningefanya hivyo kama kocha hajui bado mianzo iko wapi na anataka kuizungukia video kwa haraka mbele na nyuma. Kama nyakati anazo tayari kwenye karatasi, akate kila kipande moja kwa moja kutoka faili la asili, kwa amri ileile, akibadilisha namba ya `-ss`. Atasimba sekunde chache tu badala ya dakika 12, na hatabaki na faili kubwa la katikati.

Asichopaswa kufanya ni kukata kipande kutoka kwenye kipande kilichosimbwa kwa ubora wa chini, kisha kingine kutoka kwenye hicho. Hapo ndipo lile onyo la Jembe la uchafu juu ya uchafu linapokuwa kweli.

Mpigapicha_Simu

Mimi nimefuata maelezo yote na bado naanguka fremu mbili mbele. Video ni ya simu, inasema fremu 30 kwa sekunde. Nataka fremu namba 1500, nikagawa kwa 30, nikapata 50.000, nikarudi milisekunde 5. Klipu inaanza kwenye 1502.

Binti_Mhariri

Usigawe. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo ulio sawa, mwanga ukipungua au simu ikielemewa fremu zinakaribiana au zinaachana. Linganisha namba hizi mbili:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 video.mp4
```

Zikitofautiana, mwendo huenda unayumba, na namba ya fremu ukiigawa kwa 30 haikupi wakati wake. Soma wakati wa fremu yako kutoka kwenye ffprobe, kisha rudi nyuma chini ya nusu ya pengo lililopo kati yake na iliyotangulia. Kwenye amri ya kusimba ongeza `-fps_mode passthrough`, ili ffmpeg isiongeze wala kupunguza fremu. Kwenye matoleo ya zamani chaguo hilo linaitwa `-vsync`.

Angalia pia faili lako linaanza na wakati gani. ffprobe inaonyesha wakati kama ulivyoandikwa ndani ya faili, lakini `-ss` inahesabu kutoka mwanzo wa faili. Kwenye MP4 kwa kawaida zote zinaanza sifuri na huoni tofauti. Kwenye faili za TS mwanzo mara nyingi si sifuri, kwa hiyo punguza `start_time` kutoka kwenye wakati wa ffprobe kwanza.

Mpigapicha_Simu

Ya kwanza inasema 30/1, ya pili ni sehemu ndefu inayokaribia 30.04. Wakati halisi wa fremu 1500 kwenye ffprobe ni 49.931. Kwa hiyo 50.000 yangu ilikuwa imeshaipita.

Binti_Mhariri

Ndiyo, na fremu mbili za video ya 30 ni kama milisekunde 67, zinalingana na pengo hilo. Weka 49.921.

Kocha, kitu kimoja kwa upande wako, kinachohusu kipimo na si ukataji. Fremu yako ya kwanza ni ya kwanza ambayo taa *inaonekana* imewaka. Taa yenyewe iliwaka wakati wowote kati ya fremu hiyo na iliyotangulia, ndani ya milisekunde 20. Mguu nao uliachia ndani ya pengo kama hilo. Kwa hiyo wanariadha wawili wakitofautiana fremu moja, usiwapange kwa hiyo fremu moja. Hata ukate kwa usahihi gani, kamera ya fremu 50 haiwezi kukwambia zaidi ya hapo.

KochaWaUwanja

Hilo nitalieleza kwa vijana kabla hawajaanza kubishana. Kamera nyingine ninayoweza kuazima inarekodi 120, nitairekodi nayo mianzo ijayo na nitaangalia K zake ziko wapi kabla sijakata.

Kipaza

Nikipata lile faili langu lililovurugika kwenye televisheni nitaleta matokeo ya ffprobe ya pande zote mbili za kiungo. Jembe, nawe ukiweza leta moja ya zako zinazopita vizuri, tuzilinganishe.

Jembe77

Nitaleta. Nataka nijue nami kwa nini yangu inapita.